Dozi ya Kwanza, Mara ya Pili

Simu iliita saa saba kasoro dakika kumi usiku. Jina kwenye kioo lilikuwa la mke wa ami yangu, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kunipigia baada ya Isha. Kabla sijapokea nilishajua si salamu.

“Ami yako ameanguka chooni,” alisema. “Tumemnyanyua, tumemkalisha kitini, amezimia tena.”

Nyuma yake nilisikia sauti za majirani. Mmoja alishikilia kwamba presha imepanda. Mwingine alikuwa akiuliza ni nani atakwenda kumwamsha mwenye boti. Mimi niko Malindi, wao wako Lamu, na usiku hakuna basi la kunifikisha Mokowe, penye boti za kuvukia Lamu.

“Mtoeni kitini,” nikasema. “Mlazeni sakafuni, chali, miguu iwekeni juu ya mito.”

Nikawasikia wakibishana. Mzee wa miaka 71, mwenye nyumba, kulazwa juu ya sakafu tupu kama mzigo? Mwishowe wakamlaza. Haikupita dakika nikaisikia sauti yake mwenyewe, dhaifu lakini yake, ikiuliza kwa nini nyumba imejaa watu na kikoi chake kiko wapi.

Hapo nilipumua.

“Nina dawa yake ya presha mkononi,” mkewe akasema. “Nimpe?”

La. Usimpe.

Nilimuuliza maswali ambayo angeulizwa popote: mdomo umepinda? Anainua mikono yote miwili? Maneno yanatoka sawa? Kifua kinauma? Yote yalikuwa sawa, ila amechanika juu ya nyusi, ana jasho baridi, na uso umempauka. Asubuhi alipelekwa hospitali, maana mzee aliyegonga kichwa haachwi nyumbani. Akashonwa nyuzi tatu, moyo ukapimwa kwa mashine na haukuonyesha hitilafu.

Kisha muuguzi mmoja, Mungu amjaze kheri, akafanya jambo ambalo sisi wengine wote tulikuwa hatujalifanya. Akampima presha akiwa amelala, halafu akamsimamisha akampima tena.

Amelala: 138/78. Baada ya kusimama dakika moja: 106/64, na mzee anasema anaona ukungu.

Mimi ni mfamasia. Dawa iliyomwangusha nilimtumia mimi, kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki. Na karatasi ya maelezo niliiandika kwa mkono wangu. Karatasi ile ndiyo iliyoninyima usingizi wiki zote hizi.

Dawa moja, kazi mbili

Ami ana presha ya miaka. Kila asubuhi humeza amlodipini miligramu 5 na kidonge cha kutoa maji mwilini, haidroklorothiazaidi miligramu 25. Mwaka huu likaongezeka la tezi dume: mkojo unakuja kwa kukatika, anasimamia choo muda mrefu, na usiku anaamka mara nne. Daktari alimpima, akaona tezi imekua lakini hakuna dalili ya saratani, akamwandikia doksazosini.

Doksazosini imo katika kundi la vizuia alfa, pamoja na ndugu zake prazosini, terazosini, alfuzosini na tamsulosini. Alfa ni vipokezi vidogo vilivyo juu ya misuli laini, ile misuli tusiyoiamrisha. Noradrenalini, kemikali ambayo neva huitumia kupeleka amri, ikitua pale, msuli unakaza. Vipokezi hivyo viko kwenye tezi dume na shingo ya kibofu, na ndiyo maana njia ya mkojo inabanwa. Lakini viko pia kwenye kuta za mishipa ya damu, mwili mzima. Ukivizuia, mkojo unapata njia na mishipa inalegea.

Kwa mzee mwenye shida zote mbili hiyo inaonekana kama bahati. Kama dawa ya presha peke yake, vizuia alfa vilipoteza heshima mwaka 2000. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ALLHAT ulisimamisha kundi lililokuwa likitumia doksazosini, kwa sababu moyo kushindwa kazi ulijitokeza kwao karibu mara mbili ya wale waliokuwa wakitumia dawa ya kutoa maji. Hapa kwetu huandikwa zaidi kwa ajili ya tezi, na kushuka kwa presha huhesabiwa kama faida ya kando.

Daktari alikuwa sahihi katika kila alichoandika. Miligramu 1 kila usiku kwa wiki moja, kisha 2 kwa wiki moja, kisha 4. Anza chini, panda polepole, meza unapokwenda kulala.

Vidonge vilivyokuwepo vilikuwa vya miligramu 2, vyenye mstari katikati. Kwa hiyo nikaandika hivi: kuanzia tarehe 1, nusu kidonge. Kuanzia tarehe 8, kidonge kimoja. Kuanzia tarehe 15, vidonge viwili.

Nikajiona nimerahisisha.

Damu inapoteremka

Ili nieleze kilichotokea, inabidi nianze na jambo ambalo mwili wako umelifanya leo mara nyingi bila kukuambia.

Unapolala, damu imesambaa sawasawa kama maji kwenye sinia. Unaposimama, kati ya nusu lita na karibu lita nzima inateremka kwenye miguu na tumbo, maana mishipa ya vena ni laini na inatanuka kama puto. Damu hiyo haijapotea, ila imetuama. Inayorudi moyoni inapungua, na kinachopandishwa kichwani kinapungua pia.

Shingoni, pale unaposikia mapigo, na kwenye mshipa mkuu juu ya moyo, kuna neva zinazohisi kuta zikilegea. Ndani ya sekunde chache zinapeleka habari, na amri inarudi: moyo uende mbio, mishipa ikaze. Noradrenalini inamwagwa kwenye kuta za mishipa, inatua kwenye vipokezi vya alfa, mishipa inabana, damu inasukumwa juu. Wewe unaendelea na safari yako ya jikoni.

Ni kama mabaharia upepo unapogeuka ghafla. Nahodha anapiga kelele, wao wanavuta kamba, chombo kinakaa sawa. Kizuia alfa hakimnyamazishi nahodha. Kelele inapigwa, mabaharia wanaisikia, ila kamba imepakwa mafuta.

Moyo bado unaweza kwenda mbio, maana wenyewe unasukumwa na vipokezi vya aina nyingine. Lakini unapiga nini, kama damu imekaa miguuni? Ubongo ukikosa damu ya kutosha kwa sekunde chache tu, macho yanaingia giza, masikio yanavuma, na magoti yanaachia.

Kwa hiyo kuzimia kwa namna hii kuna tiba yake ndani yake. Ukianguka, umelala. Ukilala, damu inarudi yenyewe. Balaa ni kile unachokigonga njiani, na wale wanaokupenda kiasi cha kukunyanyua haraka. Majirani walimkalisha ami kitini kwa huruma tupu, na ndiyo maana akazimia mara ya pili.

Kwa nini ile ya kwanza

Prazosini ndiyo iliyowafundisha madaktari somo hili. Katikati ya miaka ya 1970 ziliandikwa taarifa za wagonjwa walioanguka ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu baada ya kumeza kidonge chao cha kwanza kabisa. Wengi walikuwa wameanzishiwa miligramu 2 au zaidi. Walipoanzishiwa nusu miligramu au moja, wakati wa kulala, visa vilipungua sana. Tangu hapo jambo hili likaitwa athari ya dozi ya kwanza.

Jina hilo nimekuwa nikilikariri tangu chuoni. Sikuwahi kukaa nikajiuliza: kwa nini ya kwanza na si ya ishirini, ilhali ya ishirini huwa kubwa kuliko ya kwanza?

Kidonge cha kwanza kinaukuta mwili ambao haujajiandaa. Usiku ule mishipa inalegea, figo zinaona presha imeshuka, na kwa siku zinazofuata zinashikilia chumvi na maji zaidi kidogo. Damu ndani ya mishipa inaongezeka ujazo. Njia nyingine za kubana mishipa, zisizopita kwenye alfa, nazo zinachukua sehemu ya kazi. Baada ya siku kadhaa mtu anatembea na mishipa iliyolegea lakini iliyojaa vizuri zaidi, na anaweza kusimama. Ndipo unampandishia dozi, na kila unapopandisha unarudia hatari ile kwa kiasi kidogo.

Hiyo ina maana kwamba anayeanza akiwa tayari amekauka maji, au anatumia dawa ya kutoa maji, hana akiba ya kujaza pengo. Ami alikuwa na kidonge hicho kila asubuhi. Hilo nalijua. Nilipompigia siku ya kwanza nilimwambia anywe maji mengi zaidi.

Lakini usiku wa kwanza alilala salama. Wa pili pia, na wa tisa.

Alianguka usiku wa kumi na sita. Hicho ndicho sikukielewa kwa siku nne nzima.

Mkoba wa Siyu

Jibu lilikuja kwa bahati, wala sikuwa nikiuliza kuhusu dawa. Nilimuuliza mke wa ami kama walihudhuria mazishi ya jamaa yetu kule kijiji cha Siyu.

“Ami yako alikwenda. Alikaa siku sita, amerudi siku ile ile aliyoanguka.”

Nikamwomba ampe simu mwenyewe.

“Ami, ulipokwenda Siyu, dawa ulichukua?”

“Nilichukua za presha. Zile mbili nazitia mkobani siku zote.”

“Na ile niliyokutumia?”

“Ile ni ya mkojo, mwanangu. Mkojo hauui mtu. Niliiacha.”

Sasa hesabu pamoja nami. Siku saba alimeza nusu kidonge. Siku ya nane na ya tisa alimeza kimoja. Kisha usiku sita bila kitu. Doksazosini hupungua mwilini kwa nusu kila saa 22 hivi. Kutoka usiku wa tisa hadi wa kumi na sita ni siku saba, na kilichobaki kwenye damu yake kilikuwa chini ya asilimia moja. Figo nazo zilishaachia yale maji ya akiba, na zilikuwa zikisaidiwa kuyaachia na kile kidonge cha asubuhi alichokikumbuka bila kukosa.

Alirudi na mashua mchana kutwa, jua la mwezi wa tatu utosini. Maji hakunywa. Mwenye tezi dume anajua sababu: mashua haina pa kwenda haja, na kuomba wenzako wageuze nyuso kila nusu saa ni aibu. Alifika magharibi, akaoga, akaswali, akala kidogo. Saa tatu usiku akaitoa karatasi yangu, akatazama tarehe.

Tarehe ilikuwa imepita 15. Karatasi inasema vidonge viwili.

Akameza viwili.

Miligramu 4, kwa mwili ambao kwa hesabu zote haujawahi kuiona dawa hiyo. Hata wasiotumia dawa nyingine huanzishiwa 1. Ami alianza upya kwa mara nne ya hiyo, amekauka, akinifuata mimi neno kwa neno.

Maelekezo ya vizuia alfa hivi yanasema wazi kwamba mgonjwa aliyeacha kwa siku kadhaa anarudi kwenye dozi ya kuanzia, anapanda ngazi upya. Nililijua. Nikiulizwa kwenye mtihani ningelijibu nikiwa nimefumba macho. Lakini niliandika tarehe, na tarehe zinasonga hata kama mgonjwa yuko Siyu na dawa iko Lamu. Nilikuwa nikihesabu siku, mwili wake ulikuwa ukihesabu vidonge.

Kuchutama

Bado kulikuwa na jambo lililonikera. Dawa hii inafika kilele chake kwenye damu saa mbili hadi tatu baada ya kuimeza, na hatari ya kuanguka ukisimama ni kubwa zaidi kati ya saa ya pili na ya sita. Ushauri wa kuimeza unapolala umejengwa juu ya hilo: saa za hatari zipite ukiwa umelala chali.

Ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba mtu anayepewa dawa hii halali.

Ndiyo sababu kapewa! Anaamka mara nne. Ami alimeza saa tatu, akaamka saa sita na nusu. Ukichora mstari wa dawa ikipanda kwenye damu, na mstari wa kibofu kikijaa, inakutana hapo hapo. Kila mara nilipomwambia mzee “meza ukienda kulala,” nilikuwa nikimwazia mtu wa mazoezi ya darasani, anayelala usiku kucha bila kugeuka.

Nilipokwenda Lamu kumwona, nilikiomba kile choo nikitazame kwa macho ya mtu mwingine. Kiko ghorofani, kuta nene za mawe, na pembeni birika la maji lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, kama nyumba zote za zamani. Juu ya ukingo, kata ya kifuu. Choo chenyewe ni cha kuchutama.

“Ilikuwaje hasa, ami?”

Akanionyesha. Akachutama taratibu pale sebuleni, akaeleza kwa heshima zake, akajifanya anateka maji kwa kata. “Nilimaliza, nikastanji. Nilipoinuka tu, mato yakaingia kiza. Kata niliisikia ikilia majini. Mimi mwenyewe sikujisikia kuanguka.”

Alipoinuka tu.

Vitabu vyetu vinawaambia wanaume wakojoe wameketi usiku, wasisimame. Nimekuwa nikilisema hilo pia, na wazee wa Kiislamu hunitazama kwa huruma, maana wao hawajawahi kukojoa wamesimama. Nikidhani basi wako salama. Lakini kuketi na kuchutama si kitu kimoja. Ukichutama, mapaja na ndama za miguu zinakunjwa na kubanwa, mishipa yake inakamuliwa, damu inasukumwa juu, presha inapanda kidogo. Ukiinuka ghafla, miguu yote inafunguka kwa pamoja na damu inaporomoka. Hata kijana mwenye afya huona nyota. Ongeza kibofu kilichojaa ambacho kimemwagwa sasa hivi, nacho kwa chenyewe hulegeza mishipa. Ongeza miligramu 4 katika saa yake ya nne.

Sijui kama ningeweza kubuni mtego mzuri zaidi wa kumwangusha mzee hata kama ningetaka.

Na nikakumbuka kitu kingine alichokuwa amenieleza wiki ya kwanza, nikakipita. Alisema akiinuka kutoka sijida ya rakaa ya mwisho ya Isha anahisi “nti inakwenda na maji”. Isha anaiswali kabla ya dawa, nikamwambia ni uchovu. Lakini dawa ya jana yake ilikuwa bado imo, kama nusu yake, na sijida ni kuteremsha kichwa kisha kukipandisha juu kwa mwendo mmoja. Mwili ulikuwa ukitoa taarifa bure, mara tano kwa siku, na mimi nilikuwa nikisubiri mashine.

Hata mashine, ukweli, tulikuwa tukiitumia vibaya. Ami amepimwa presha mara nyingi mno, kila mara ameketi, mkono juu ya meza. Hakuna aliyempima amesimama kabla ya kumwanzishia dawa inayolegeza kamba za kusimamia. Kipimo ni rahisi: alale dakika tano, upime, asimame, upime baada ya dakika moja na tena baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, huyo tayari ana shida ya kusimama hata kabla ya kidonge.

Jicho

Nilikuwa na dawa mbadala akilini tangu siku ya pili: tamsulosini. Inapendelea aina ya alfa iliyo nyingi kwenye tezi na shingo ya kibofu, na mishipa ya damu inaisumbua kidogo. Miligramu 0.4 baada ya mlo ule ule kila siku, hakuna kupanda ngazi. Inaweza kumpa mtu kizunguzungu, lakini si kama hizi nyingine. Ni ghali zaidi, ila familia ingechanga.

Daktari alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: “Si mzee huyu anasubiri kutolewa mtoto wa jicho?”

Anasubiri, na jina lake limeandikwa.

Mboni ya jicho inafunguliwa na misuli yenye vipokezi vya alfa vile vile. Mwaka 2005 madaktari wa macho walieleza kwamba kwa watumiaji wa tamsulosini, wakati wa upasuaji, kioo cha rangi cha jicho hulegea kama nguo kwenye maji na mboni hujifunga wakati inatakiwa kubaki wazi. Kuacha dawa siku chache kabla hakuondoi shida hiyo kwa uhakika. Vizuia alfa vingine navyo vinaweza kufanya hivyo, lakini tamsulosini inaongoza. Daktari wa macho akijua mapema anajiandaa. Asipojua, anashtukizwa.

Kwa hiyo tukaamua kwa pamoja. Doksazosini ikasimamishwa wiki mbili, kidonda kikapona. Kidonge cha kutoa maji kikaondolewa kabisa, maana kilikuwa kikimkausha na kumwongezea safari za choo. Amlodipini ikabaki. Presha ya kusimama ilipotulia akaanza upya, nusu kidonge, na mpango ukaishia kwenye miligramu 2, si 4. Mkojo ukiwa umeridhika na 2, hakuna sababu ya kupanda. Na kwenye kadi ya kliniki ya macho nikaandika jina la dawa kwa herufi kubwa.

Nilimuuliza pia, tukiwa wawili tu barazani, kama ana vidonge vingine anavyonunua vya nguvu za kiume. Swali gumu kumuuliza ami. Sildenafili na wenzake wanalegeza mishipa kwa mlango mwingine, na milango miwili ikifunguliwa pamoja presha inaanguka vibaya. Alicheka hadi akashika nyuzi zake. Akasema hapana. Nimemwamini, lakini nilisubiri acheke kwanza.

Duara

Karatasi mpya haina tarehe hata moja. Nimechora maduara saba, ndani ya kila moja nusu imetiwa wino. Chini yake maduara kumi na manne yaliyojaa. Kila akimeza anapiga alama duara moja. Akikosa usiku mmoja, anaendelea na duara linalofuata. Akikosa siku kadhaa, anarudi duara la kwanza kabisa na ananipigia. Nilimfanya anieleze yeye mimi, si mimi yeye, mara mbili.

Chini ya kitanda pana kopo lenye mfuniko. Alikataa, mkewe akaliweka. Akiamka usiku anaketi ukingoni mwa kitanda miguu chini, na badala ya kumwambia ahesabu dakika, jambo ambalo najua hatalifanya, tulikubaliana avute tasbihi: thelathini na tatu, thelathini na tatu, thelathini na tatu. Ndipo atumie kopo, akiwa bado ameketi. Akiona kiza, arudi ubavu. Zile siku saba za nusu kidonge, na tatu za kwanza za kidonge kizima, aliswali akiwa kwenye kiti.

Usiku wa kwanza wa duara la kwanza sikulala mimi. Alinipigia alfajiri kuniambia kwamba amevuta tasbihi mara tatu usiku mmoja, zaidi ya Ramadhani nzima.

Juzi alipiga tena. Duara la ishirini, presha ya kusimama 124/72, anaamka mara mbili badala ya nne. Arubaini ya yule jamaa wa Siyu imefika na anakwenda.

“Dawa nimezitia mkobani,” akasema. “Zote.”

“Na maji ya kunywa njiani?”

“Lita mbili.”

“Na ukishikwa na haja mashuani?”

Akanyamaza kidogo. Nikamsikia akimwuliza mkewe jambo, na mkewe akicheka.

“Kopo nalo limo,” akasema.